Sekunde za Breka: Moto wa Bodi ya Umeme na Namba Zinazobandikwa Mlangoni

Kila fundi umeme anaijua hatari ya kurushwa: ukigusa waya ulio hai, umeme unapita mwilini. Hatari ya pili haihitaji uguse kitu. Spana ikimponyoka fundi na kulala katikati ya basba mbili ndani ya bodi kuu ya kiwanda, au panya akipita juu yake, umeme hupata njia ya mkato. Spana inarushwa au inayeyuka, lakini hewa iliyokuwa katikati ya basba imekwisha kuchemka na kuanza kupitisha umeme yenyewe. Hilo ndilo tao la umeme. Kiini chake kinaweza kufikia takriban nyuzi 19,000 za selsiasi, na shaba inayogeuka mvuke hutanuka mara 67,000 ya ukubwa wake wa awali. Kutoka mlangoni hutoka mwanga wa kupofusha, joto, matone ya chuma kilichoyeyuka na msukumo wa hewa. Mtu aliyesimama mbele, mikono mfukoni, anaungua bila umeme kumgusa.

Mwaka 1982 mhandisi Mmarekani Ralph Lee aliandika makala ya kitaalamu iliyoonyesha kwamba joto hilo linaweza kukokotolewa kabla halijatokea, na kwamba mtu anaweza kuambiwa umbali gani ataungua. Hesabu hizo zimeboreshwa tangu wakati huo. Leo mwongozo unaotumika zaidi ni IEEE 1584, uliotoka mwaka 2002 na kuandikwa upya mwaka 2018 kwa kutegemea majaribio ya kulipua tao ndani ya maboksi ya chuma na kupima joto linalotoka. Unahusu umeme wa fezi tatu, kuanzia volti 208 hadi 15,000, kwa hiyo bodi zetu za volti 400 zimo.

Kinachopimwa ni nishati inayoifikia ngozi, kwa kalori katika kila sentimita moja ya mraba. Namba ya kushika ni 1.2. Utafiti wa Alice Stoll na Maria Chianta, uliofanywa kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, ndio uliosaidia kuonyesha kiwango ambacho ngozi tupu huanza kupata malengelenge, yaani kuungua kwa daraja la pili. Kalori 1.2 ni kama kushika kidole juu ya mwali wa kiberiti cha gesi kwa sekunde moja. Mpaka wa tao la umeme ni pale ambapo nishati imeshuka hadi 1.2: ukiwa ndani yake bila mavazi maalumu, ngozi yako inaweza kuungua kiasi cha kuhitaji matibabu.

Nishati hiyo inategemea mambo matatu makubwa: mkondo unaopita kwenye tao, umbali wa mtu, na muda ambao tao linawaka kabla halijakatwa. Wengi hudhani mkondo ndio mfalme, na kwamba palipo na mkondo mkubwa ndipo penye hatari kubwa. Ukiifanya hesabu kwa mkono wako unakuta muda ndio unaoamua, na kwamba mkondo mdogo unaweza kuunguza zaidi ya mkubwa. Mfano utalionyesha hili vizuri kuliko maelezo.

Tuchukue kiwanda cha vyombo vya plastiki jijini Dar es Salaam. Kiwanda ni cha kubuni, lakini vifaa vyake ni vile utakavyovikuta katika viwanda vingi vya pale: transfoma ya kVA 1000 inayopokea volti 11,000 kutoka TANESCO na kutoa volti 400, breka kuu ya hewa ya ampea 1600, basba za shaba zilizosimama wima, na breka ndogo kumi na kadhaa zinazolisha mashine. Pembeni kuna jenereta ya kVA 500 kwa siku umeme ukikatika.

Mhandisi anaanza kwa kusoma, hahesabu kitu kwanza. Kwenye bamba la transfoma anaandika kVA 1000 na kizuizi cha ndani cha asilimia 5. Kutoka TANESCO anaomba nguvu ya shoti ya laini ile ya volti 11,000, naye anapewa MVA 150. Kisha anasimama mbele ya breka kuu na kurekodi namba za vitufe vya kuzungusha, kimoja kimoja, kwa kuviangalia kwa macho. Michoro ya ofisini haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu vitufe huzungushwa na watu wasiogusa michoro. Katika kiwanda chetu, kitufe cha ulinzi wa shoti, kilichoandikwa Isd, kimefika kwenye 10.

"Hii nani aliipandisha, fundi?"

"Ni sisi wenyewe, mhandisi. Kila tukiwasha ile kompresa kubwa, kiwanda chote kilikuwa kinazima. Tangu tuipandishe hakijazima tena."

Jibu hilo utalisikia katika viwanda vingi, na aliyelitoa hana kosa la kulaumiwa: alikuwa na tatizo, akalitatua kwa kifaa alichopewa. Hakuna aliyemwambia kwamba kitufe kile kinashika pia muda wa moto.

Sasa hesabu. Transfoma ya kVA 1000 kwa volti 400 hutoa ampea 1443 ikibebeshwa mzigo wote. Kizuizi cha asilimia 5 kinamaanisha kwamba shoti kamili, ya shaba kugusana na shaba, ingevuta mara ishirini ya hizo, karibu ampea 28,900. Ukiongeza kizuizi cha laini ya TANESCO, zinabaki ampea 25,500. Hiyo ndiyo namba inayotumika kuchagua breka yenye nguvu ya kutosha kukata shoti, na bodi nyingi zina karatasi inayoionyesha.

Lakini tao si shoti kamili. Umeme unapita hewani, na hewa iliyochemka bado ina ukinzani wake. Ukiweka kwenye fomula za IEEE 1584 nafasi ya milimita 32 kati ya basba, boksi la ukubwa wa kawaida wa bodi kuu na basba za kusimama wima, mkondo wa tao unatoka ampea 17,000 hivi. Kwa volti za chini tofauti hii ni kubwa sana, na ndiyo inayowapotosha wanaoangalia namba ya shoti peke yake.

Mwongozo unaongeza jambo lingine. Tao halitulii: linacheza, linarefuka, linazimika nusu na kuwaka tena, kwa hiyo mkondo halisi unaweza kuwa chini ya ule uliokokotolewa. Mhandisi analazimika kurudia hesabu kwa mkondo uliopunguzwa. Kwa bodi yetu, mkondo huo wa pili ni ampea 14,800 hivi.

Umbali wa kazi kwa bodi ya aina hii ni milimita 610, unaopimwa kutoka kwenye tao hadi usoni na kifuani. Mikono iko karibu zaidi, na hilo halionekani popote kwenye namba. Kwa umbali huo, ampea 17,000 zinamwaga kalori 28 hivi kwa kila sekunde, na ampea 14,800 zinamwaga kalori 24. Tofauti ni ndogo. Kilichobaki ni kuuliza breka itachukua muda gani.

Turudi kwenye kitufe. Breka imewekewa mzigo wa kawaida wa ampea 1440, na Isd ya 10 inamaanisha kwamba inaanza kuhesabu shoti mkondo ukifika ampea 14,400. Muda wa kusubiri umewekwa sekunde 0.4, ili breka ndogo zilizo chini zipate nafasi ya kukata kwanza. Ukisoma mkunjo wa mtengenezaji kwa uangalifu, ukijumlisha na muda wa breka yenyewe kufunguka, kazi yote inaweza kufika sekunde 0.5. Kwa tao la ampea 17,000, nishati ni nusu ya 28, yaani karibu kalori 14. Si kidogo, lakini mavazi ya kukinga yapo.

Kwa tao la ampea 14,800 mambo yanageuka. Kifaa cha kupima ndani ya breka hakina usahihi kamili. Kwa breka hii mtengenezaji anaruhusu asilimia 10 juu au chini. Hivyo ampea 14,400 zilizoandikwa zinaweza kuwa kitu chochote kati ya 13,000 na 15,800. Tao letu limeangukia katikati ya utata huo. Breka inaweza kuliona kama shoti, au inaweza kuliona kama mzigo uliozidi tu, kama vile mtu kawasha mashine nyingi kwa pamoja. Ikiliona hivyo inasubiri karibu sekunde 2.7 kabla ya kukata.

Hesabu haiendi zaidi ya sekunde 2, kwa sababu mwongozo unachukulia kwamba mtu mwenye njia wazi nyuma yake atakuwa amerushwa au amekimbia. Hata hivyo sekunde 2 za kalori 24 ni karibu 49. Mkondo umepungua, nishati imepanda kutoka 14 hadi 49, na mpaka wa kuungua umesogea kutoka mita 2.8 hadi mita 6.2. Chumba cha bodi cha kiwanda chetu kina upana wa mita 4. Yeyote aliye ndani ya chumba kile yuko ndani ya mpaka.

Wengi huishia hapo: wanabandika stika yenye namba 49 na kununua suti nzito kama ya mtu wa kutegua mabomu. Naona hilo ni kuishia njiani. Suti inamkinga mtu mmoja kwa joto tu, nayo ni nzito, inachemsha, na inapunguza kuona na kusikia. Kazi halisi ya uchunguzi huu ni kurudi kwenye vitufe.

Mhandisi anarudisha Isd kutoka 10 hadi 4. Sasa breka inaona shoti kuanzia ampea 5,760, na mikondo yote miwili ya tao iko juu sana ya hapo, hakuna utata tena. Kompresa aliyoisema fundi ina mota ya kilowati 110. Ikiwashwa moja kwa moja inavuta karibu ampea 1,200 kwa sekunde chache, na hata ukijumlisha mzigo wa mashine zote nyingine hufiki ampea 3,000. Kwa hiyo kiwanda hakitazima. Kilichokuwa kikikizima zamani ni Isd iliyokuwa 2. Ilitosha kupandishwa kidogo, ikapandishwa hadi mwisho.

Kisha anashusha muda wa kusubiri kutoka sekunde 0.4 hadi 0.1, na jumla hadi kukatika inakuwa sekunde 0.14. Nishati inashuka hadi kalori 3.9 na mpaka unakuwa mita 1.3. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Bisibisi ndogo na nusu siku ya kuangalia mikunjo ya breka zote za chini zimetosha. Kuangalia huko hakuna budi kufanyike. Breka ndogo kubwa kuliko zote lazima iwe inakata haraka kuliko breka kuu, la sivyo shoti ya mashine moja itazima kiwanda kizima, mafundi watapandisha vitufe tena, na stika itabaki mlangoni ikisema namba ambayo si ya kweli.

Breka nyingi za kisasa zina pia swichi ya matengenezo. Fundi akiigeuza kabla ya kufungua mlango, breka inaacha kusubiri kabisa na kukata papo hapo, kwa sekunde 0.05 hivi. Kwa bodi yetu hiyo ni kalori 1.4 na mpaka wa sentimita 70. Kazi ikiisha swichi inarudishwa. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuomba kwenye bodi mpya wakati inaagizwa, ningetaja hiki.

Kuna sehemu moja ya bodi ambayo vitufe vyote hivi haviigusi, nayo ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni zile nguzo za breka kuu ambako kebo za transfoma zinafungwa. Tao likiwaka hapo, breka kuu iko upande wa chini wa moto. Hata ikifunguka, umeme unaendelea kulilisha tao kutoka kwenye transfoma. Kinachoweza kukata ni fyuzi za upande wa volti 11,000. Lakini ampea 17,000 za volti 400, zikipita kwenye transfoma, zinaonekana upande wa juu kama ampea 620 tu. Fyuzi iliyochaguliwa ili isikatike kila transfoma inapowashwa haina haraka na mkondo huo, na kwa tao dhaifu inachelewa zaidi. Mhandisi makini anachukua sekunde 2 hapa isipokuwa mkunjo wa fyuzi umthibitishie vingine. Kwa ampea 17,000 hiyo ni karibu kalori 56 na mita 6.8.

Hapo ndipo ujenzi wa bodi unapoamua idadi ya stika. Kiwango cha IEC 61439 kinaeleza namna sehemu za bodi zinavyotenganishwa kwa kuta za ndani, kuanzia bodi iliyo wazi yote hadi ile yenye kila breka katika chumba chake. Ikiwa nguzo za kuingilia zina chumba chao cha chuma, mhandisi anaweza kutoa stika mbili: ya kalori 56 kwenye mlango wa kuingilia na ya 3.9 kwenye milango mingine. Ikiwa bodi ni sanduku moja lililo wazi ndani, tao linaloanzia kwenye basba linaweza kurukia nguzo za kuingilia, na bodi nzima inapaswa kubeba namba kubwa. Nimeona bodi za sanduku wazi zenye namba ndogo mlangoni, na huo ni uongo wa hatari, kwa sababu fundi anavaa kwa kuiamini ile namba.

Kwa mlango wa kuingilia jibu haliwi suti. Hapo hakuna kazi ya umeme ukiwa hai. Upande wa volti 11,000 unakatwa na kufungwa kwa kufuli, iwe ni swichi ya kiwanda au fyuzi za nguzo ambazo TANESCO lazima ije kuzifungua, kisha umeme unapimwa kuwa haupo kabla ya mkono kuingia. Kuzima breka kuu peke yake hakuzimi nguzo hizo. Jambo hilo linatakiwa liandikwe kwa Kiswahili cha herufi kubwa juu ya mlango.

Sasa umeme wa TANESCO unakatika, na jenereta inawaka. Mkondo wa shoti wa jenereta ya kVA 500 ni mdogo, karibu ampea 5,500 kwa mwanzo, kisha unashuka. Tao lake linaanzia ampea 3,600 hivi. Mtu angetegemea hatari ipungue. Lakini breka ya jenereta hii ni ya kawaida yenye sumaku iliyowekwa mara 10 ya ampea 800, yaani haishtuki mpaka ampea 8,000. Kwa ampea 3,600 inategemea joto la ndani yake, na hilo linachukua muda mrefu kuliko sekunde 2. Kalori zinazomwagwa ni 5 na kidogo kwa sekunde, na sekunde mbili zinafanya karibu 10. Hata ukikata kiasi fulani kwa sababu mkondo wa jenereta unafifia, bado unabaki juu sana ya 3.9 ya umeme wa TANESCO. Stika iliyoandikwa kwa kuangalia transfoma peke yake inamdanganya fundi saa ile ile anayoitwa kutazama kwa nini jenereta haipokei mzigo. Kwa nchi ambazo jenereta huwaka mara kwa mara, hesabu ya hali zote mbili ni lazima, na namba kubwa ndiyo inayobandikwa. Dawa ni breka ya kielektroniki kwa jenereta, iliyowekwa ikate kwa mara 2 au 3 ya mkondo wake.

Tuseme kiwanda kimefanya hivyo, na hesabu ya jenereta imeshuka chini ya ile ya transfoma. Stika ya milango ya breka ndogo itasomeka hivi:

HATARI YA TAO LA UMEME
Volti: 400
Nishati: kalori 3.9 kwa sentimita ya mraba, ukiwa milimita 610
Mpaka wa tao: mita 1.3
Mpaka wa asiye fundi: mita 1.07
Mpaka wa kurushwa: mita 0.3
Breka kuu: Isd 4, sekunde 0.1
Tarehe ya uchunguzi

Mipaka mitatu inachanganya watu, lakini kila mmoja una kazi yake. Ule wa mita 1.3 ni wa joto na unatokana na hesabu ya bodi hii. Ile miwili ya chini ni ya kurushwa, inategemea volti, na nimeichukua kutoka NFPA 70E, mwongozo wa Kimarekani wa usalama wa kazi za umeme ambao viwanda vingi duniani huufuata. Mlango ukiwa wazi na basba zikiwa hai, mtu asiye na ujuzi haingii ndani ya mita 1.07 bila fundi kuwa naye. Ndani ya sentimita 30 haingii mtu asiye fundi mwenye sifa, mwenye glavu za mpira zilizopimwa, na aliye na sababu ya kuwa pale. Mpaka wa joto unaweza kuwa ndani au nje ya mipaka hiyo, na pale penye kalori 49 ulikuwa nje kabisa ya chumba. Rangi iliyopigwa sakafuni inasaidia kwa mpaka ambao haubadiliki, lakini kwa kazi yenyewe mnyororo na vibao vya kusimamisha ni bora, kwa kuwa vinawekwa palipo na mlango ulio wazi.

NFPA 70E haihitaji mstari wa breka niliouweka kwenye stika. Nimeuongeza kwa makusudi. Fundi anayekuja baada ya miaka miwili anaweza kutazama kitufe na stika kwa pamoja, na vikipishana anajua kwamba kalori zilizoandikwa hazina maana tena.

Kwa kalori 3.9, fundi anahitaji shati na suruali, au ovaroli, zilizothibitishwa kwa tao kwa angalau kalori 4, ngao ya uso ya kiwango hicho hicho, kofia ngumu, miwani, vizibo vya masikio na glavu. Pamba ya kawaida inaweza kuwaka kwa kalori chache tu. Zaidi ya hapo angalia kizibao cha kung'aa kinachovaliwa na karibu kila mtu viwandani. Vingi ni poliesta tupu. Kikivaliwa juu ya ovaroli nzuri, poliesta inayeyuka na kushikamana na kitambaa, kisha na ngozi. Mbele ya bodi kinavuliwa, au kinanunuliwa kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Na kumbuka mikono: kwa umbali wa milimita 300 nishati ya bodi yetu ni zaidi ya mara tatu ya ile iliyoandikwa, karibu kalori 12.

Hesabu hii ina mipaka yake. Inahusu joto, haisemi lolote kuhusu msukumo wa hewa, vipande vya mlango vinavyoruka au mlio. Inategemea pia sura ya basba. Nimetumia basba za wima, lakini pale ambapo ncha za shaba zinamwelekea mtu, kama nyuma ya breka ya kuvuta nje, tao hurushwa mbele na nishati inaweza kukaribia maradufu kwa namba zile zile. Mhandisi anayeleta ripoti bila kusema alichagua sura ipi anatakiwa aulizwe. Anatakiwa aulizwe vilevile kama alihesabu mkondo uliopunguzwa, kama alihesabu jenereta, na namba za vitufe alizipata wapi.

Sheria za Tanzania na Kenya za usalama na afya kazini, za mwaka 2003 na 2007, zinampa mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake, na bodi ya umeme ni sehemu ya kazi hiyo kama ilivyo mashine ya kukata. NFPA 70E inataka uchunguzi upitiwe kila baada ya miaka 5, na mapema zaidi mambo yakibadilika. Kwa kiwanda chetu mabadiliko hayo yanajulikana mapema: TANESCO wakijenga kituo kipya karibu na kuongeza nguvu ya laini, transfoma ya kVA 1000 ikibadilishwa kwa ya 1500, jenereta ikiuzwa na kubwa kuletwa, fyuzi za volti 11,000 zikiungua na kuwekwa za saizi nyingine, au milango ya bodi ikivuliwa kupakwa rangi na kurudishwa mahali pasipo pake, stika ya 3.9 ikaishia kwenye mlango wa kuingilia. Na kompresa ya pili ikinunuliwa, mtu atasimama tena mbele ya breka kuu na bisibisi mkononi.